Barua pepe 40 za Kifaransa kwa wakaangaji kahawa Ufaransa, majibu 3. Tatizo ni lugha, au wanaona nawasumbua?

#1 Mkibosho_Halisi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Niko kwenye kikundi cha wakulima wa kahawa Kibosho. Mwaka jana tulimuuzia mnunuzi mmoja wa Antwerp kontena zima, na kibali cha kuuza nje moja kwa moja tunacho. Msimu huu tukasema tujaribu Ufaransa. Nikakusanya anwani 40 za wakaangaji wadogo wenye maduka yao, binamu yangu aliyesoma Kifaransa sekondari akatafsiri barua niliyoiandika kwa Kiingereza, tukazituma zote Jumanne tarehe 12 Agosti.

Saba zikarudi na ujumbe wa otomatiki kwamba mhusika hayupo. Walioandika wenyewe ni watatu. Mmoja kaandika neno moja, "Désabonnement", nimeambiwa maana yake nimtoe kwenye orodha. Wa pili kaweka alama ya kuuliza tu. Wa tatu kaandika hivi: "Monsieur, nous ne faisons pas de poulet." Binamu anasema ni "Bwana, sisi hatufanyi kuku." Kuku wametoka wapi?

Barua ndiyo hii:

```
Objet : Opportunité De Partenariat Gagnant-Gagnant !!!

Cher Rôtisseur,
J'espère que ce message vous trouve en bonne santé.
Nous sommes une société leader dans l'exportation du café
de qualité supérieure. J'ai visité votre site et j'ai été
impressionné. Prix FOB Tanga, minimum 1 conteneur.
Quand êtes-vous disponible pour un appel de 30 minutes ?
```

Kwa wasiojua Kifaransa: fursa ya ubia wa kunufaishana, natumaini ujumbe huu umekukuta na afya njema, sisi ni kampuni inayoongoza, nimeona tovuti yako nikavutiwa, bei ni FOB Tanga, yaani meli analipia mnunuzi, kuanzia kontena moja, tuongee lini kwa nusu saa. Nimekosea wapi? Mimi naona ni barua ya adabu kabisa.

#2 Kijiwe_Nongwa

Nipo kiti cha mbele. Hawafanyi kuku 😂😂

#3 Dada_wa_Lyon

Kaka, pole, ila nimecheka hadi nimemwaga chai. "Rôtisseur" ni mtu wa kuchoma nyama, hasa wale wa kuku wanaozunguka kwenye vyuma sokoni siku ya Jumapili. Mkaangaji wa kahawa ni "torréfacteur". Binamu yako alitafsiri neno la Kiingereza, hakutafsiri kazi ya mtu. Kwa hiyo umewaandikia watu 40 "Mpendwa Mchoma Kuku".

Nafanya kazi dukani kwa mkaangaji mmoja hapa Lyon, miaka minne sasa, na barua pepe za duka nazifungua mimi. Usidhani kosa la neno moja ndilo lililokuangusha, maana hata ungeandika "torréfacteur" ningeifuta. Nikitoka kazini nitaeleza.

#4 Wakili_Pori

Mleta mada, shukuru Mungu hujashtakiwa. Ulaya ni marufuku kumtumia mtu barua ya biashara bila idhini yake. Sheria yao ya data ya 2018 ina faini hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima. Acha kabisa huo mchezo.

#5 Mama_Mdalasini

Hata mimi hizo barua za Kifaransa zinanichosha. Kila wiki napata ya mjane tajiri mwenye saratani, anataka kuniachia urithi. Zinaanza "Cher ami", zinaniulizia afya yangu, halafu fursa, halafu alama za mshangao. Wadau, nazizuiaje?

#6 Kijiwe_Nongwa

Mama, mada ni namna ya kutuma, siyo kupokea. Lakini umesaidia bila kujua. Hebu soma tena barua ya #1 halafu umfikirie mjane wako.

#7 Mkibosho_Halisi

Duh. Kweli zinafanana. Nimenyamaza kwanza.

#8 Lushois_243

Jambo wandugu. Mimi niko Lubumbashi, Kifaransa ndiyo lugha yetu ya kazi, niliandika barua za ofisi miaka 20. Kosa ni heshima. Barua ya Kifaransa inaanza na "Madame, Monsieur" na koma, na inamalizika na "Veuillez agréer, Madame, Monsieur, l'expression de mes salutations distinguées." Hapo mtu anaona ameandikiwa na mtu aliyesoma. Huyu ameandika "Cher" kwa mtu asiyemjua, na mwisho amekata tu kama simu iliyoisha salio. Halafu "Opportunité De Partenariat", kila neno na herufi kubwa, ile ni desturi ya Kiingereza. Kifaransa kinaweka herufi kubwa mwanzoni tu.

#9 Dada_wa_Lyon

Nimerudi. #8 kaka yangu wa Lubumbashi, kwenye "Cher" na herufi kubwa uko sahihi kabisa. "Cher Monsieur" unamwandikia mtu mliyekwisha kuonana. Ila ule mwisho mrefu ni wa barua ya karatasi, ya benki au ya kuomba kazi. Kwenye barua pepe ya mistari sita unakuwa kama mtu aliyevaa suti kuja kununua nyanya. "Bonjour Madame Fulani" mwanzoni na "Cordialement" mwishoni vinatosha. Bonjour yenyewe usiiruke, hapa hata kwa dereva wa basi usipoitoa unaonekana huna adabu.

Sasa nieleze ninavyozisoma. Asubuhi nafungua sanduku la duka, kuna maagizo ya wateja, ankara, mtu anauliza kama tuko wazi Jumatatu. Katikati kuna barua za wauzaji tano au sita. Sizisomi kwa mpangilio, naangalia mambo mawili tu: huyu anajua sisi tunafanya nini, na je, kuna kitu hapa bosi anaweza kukikubali au kukikataa leo?

Barua yako, kaka, inasema kontena moja. Kontena la futi 20 ni magunia kama 320 ya kilo 60, yaani zaidi ya tani 19. Bosi wangu akinunua Ethiopia ananunua magunia matano, tena kwa muagizaji mwenye ghala, yanakuja na lori baada ya siku chache. Kontena zima angelikaanga mpaka astaafu. Na hilo la FOB Tanga halimsaidii, hajawahi kulipia meli maisha yake. Kwa hiyo hata ungeandika Kifaransa cha mwanafasihi, ungekuwa unamuuzia mwenye baiskeli tairi za lori.

#10 Mzee_wa_Mnada

Huyu binti ameshika penyewe. Nimekuwa kwenye biashara ya kahawa Moshi tangu enzi za mnada wa kukaa ukumbini. Mnunuzi wa kontena ni muagizaji, na hao hawana duka la kuuza kikombe. Mleta mada umekwenda kwa mtu wa rejareja na bei ya jumla.

Ila nina swali moja. Ile kontena yako ya Antwerp iliisha yote?

#11 Mkibosho_Halisi

Haijaisha, mzee wangu. Madaraja ya AA na AB yaliondoka. Imebaki daraja la PB magunia 12 ghalani kwa yule mnunuzi, aliniambia nikipata mtu nimwelekeze kwake, anauza hata gunia moja. Mavuno ya 2024, ilifika Machi.

#12 Mzee_wa_Mnada

Sasa mbona hukuliandika hilo? Una magunia 12 yameshavuka bahari na kupita forodha, yako umbali wa lori kutoka kwa hao watu, halafu unawaandikia habari za kontena lililoko Tanga!

#13 Mkibosho_Halisi

Mzee, niliona ni aibu kusema zimebaki. Nikafikiri wataona ni makapi.

#14 Dada_wa_Lyon

Aibu hiyo ndiyo habari pekee ambayo ningempelekea bosi! Na msiite PB kule. Ile punje ya mviringo inayokaa peke yake ndani ya tunda, Mfaransa anaiita "caracoli". Wengi wanalijua na neno la Kiingereza, lakini ukiandika "caracoli lavé", yaani iliyooshwa, mkaangaji anajua anazungumza na mtu wa kahawa.

#15 Mtetezi_wa_Data

Narudi kwa #4, maana watu watalichukua hivyo hivyo. Wakili_Pori, hizo faini ulizotaja ndizo ukomo wa juu kweli, lakini umechanganya. Ufaransa kuna njia mbili. Mtu binafsi nyumbani kwake huruhusiwi kumtumia bila idhini. Mtu kazini, kwa anwani yake ya kazi, tume yao ya data, CNIL, haidai idhini ya kabla, ila ina masharti. Unachouza kihusiane na kazi yake, umwambie wewe ni nani na data zake unazitumiaje, na uwe na njia rahisi ya bure ya kukataa. Ukichukua jina lake mahali pengine, mwambie umelipata wapi. Anwani za jumla za kampuni kama contact@ au info@ hata hayo masharti ya mtu binafsi hayaziangalii. Ujerumani ndiko kugumu zaidi, hata kwa wafanyabiashara wanadai idhini.

Kwa hiyo kahawa kwa mkaangaji inaruhusiwa. Taa za sola kwa mkaangaji tayari una mgogoro. Sheria yenyewe inauliza swali lile lile la mleta mada.

#16 Wakili_Pori

Sawa, kwa Ufaransa nakubali. Ila yule aliyesema "Désabonnement" akiandikiwa tena, hapo nitakuwa sahihi.

#17 Mtetezi_wa_Data

Hapo uko sahihi bila ubishi. Na asimfute tu, aweke anwani yake kwenye orodha ya wasioandikiwa. Ukimfuta, mwakani binamu ataikusanya tena.

#18 Fundi_Seva

Mnazungumza maneno tu, mimi naangalia mabomba. Mleta mada, ulituma kwa anwani ya bure au ya kikoa chenu? Uliwaweka wote 40 kwenye nakala fiche? Na nionyeshe barua moja ilivyoonekana upande wa pili.

#19 Mkibosho_Halisi

Anwani ya bure, nakala fiche ndiyo. Yule wa alama ya kuuliza alirudisha barua yangu chini ya jibu lake. Kuna sehemu inaonekana hivi, nilidhani ni simu yangu:

```
exportation du cafÃ© de qualitÃ© supÃ©rieure
```

#20 Fundi_Seva

Basi alama ya kuuliza ilikuwa ya haki. Mlinakili maandishi kutoka kwenye faili, programu ikasoma UTF-8 kama Latin-1, kila é ikageuka kuwa herufi mbili. Kwa Mfaransa hiyo ni kama upokee barua ya "M@za yako hu# taabani?" Jitumie mwenyewe kwanza, ifungue kwenye simu na kwenye kompyuta. Msiache kuweka alama juu ya herufi kwa kuogopa hili, maana "cafe" bila alama nayo inaonekana ya mgeni asiyejali. Halafu tumieni kikoa chenu, mkiwekee SPF na DKIM, zile alama za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, na mtume moja moja. Nakala fiche ya watu 40 kutoka anwani ya bure, nyingi zimeishia kwenye taka. Inawezekana hawakukukataa, hawakukuona.

#21 Dada_wa_Lyon

Na tarehe jamani! 12 Agosti! Ijumaa ile ilikuwa 15 Agosti, sikukuu, na mwezi wenyewe nusu ya maduka madogo yamebandika mlangoni karatasi ya "fermeture annuelle", yaani tumefunga kwa likizo ya mwaka. Zile saba za otomatiki ndiyo maana yake. Sisi tulirudi tarehe 26 tukakuta barua zaidi ya mia mbili. Unajua tulifanya nini? Tulizifuta za wauzaji zote kwa mkupuo, bila kusoma hata moja.

#22 Mnunuzi_Brussels

Mimi Mrundi, nafanya kazi kwa muagizaji wa kahawa hapa Brussels, nasoma barua za Kifaransa za wauzaji kutoka Gitega, Kivu, Moshi, kila kona. Naheshimu maelezo yote ila naona mnazunguka. Barua ninayoijibu ni ile iliyofika siku ninayohitaji kitu. Mwezi uliopita nilikuwa napungukiwa kahawa iliyooshwa, mtu akaandika Kifaransa kibovu, mistari mitatu, nikajibu ndani ya dakika kumi. Barua nzuri kuliko hiyo iliyokuja wakati ghala limejaa nimeiacha. Umuhimu hauko ndani ya barua, uko kwa anayesoma.

#23 Lushois_243

#22 ndugu yangu, ukisema hivyo basi tuandike ovyo tusubiri bahati. Hiyo ya Kifaransa kibovu uliijibu kwa sababu ya njaa. Ungekuwa na barua mbili siku ile?

#24 Mnunuzi_Brussels

Ningejibu zote mbili, nimchukue mwenye bei na sampuli nzuri. Siajiri mwalimu wa lugha.

Ila nikubali moja. Kuna wakati unaoweza kukisiwa. Sisi waagizaji tunapanga Mashariki ya Afrika kwa msimu wa mavuno, nanyi Kaskazini mnaanza Julai hivi. Na sasa kila mtu anaulizia sheria ya Ulaya ya ukataji misitu. Muuzaji akiniambia kwenye sentensi moja kwamba mashamba yao yameshapimwa na kila shamba lina alama zake za ramani, nasimama nasoma. Hilo ni tatizo langu la mezani.

#25 Wakili_Pori

Hiyo sheria ilianza Desemba 2024, mleta mada ameshachelewa.

#26 Mnunuzi_Brussels

Ilipangwa kuanza Desemba 2024, ikaahirishwa, na siyo mara moja. Lakini sisi tunakusanya ramani tayari, hatuwezi kungoja siku ya mwisho. Mkaangaji wa magunia matano kwa Dada_wa_Lyon hilo halimuumizi kichwa, linaniumiza mimi. Ukimwandikia yeye habari za ramani unampa mzigo wangu.

#27 Mama_Mdalasini

Sasa nimeielewa mada. Na mimi nilijaribu, nauza karafuu na mdalasini kutoka Unguja. Niliambiwa nimfanye mteja ajisikie ninamjua. Nikamkuta mwenye duka la viungo huko Nantes kwenye mtandao wa picha, kaweka picha ya mwanawe siku ya kwanza ya shule. Nikaanza barua kwa kumpongeza mtoto. Alijibu mstari mmoja, kwa ukali, nisimwandikie tena. Nililia siku ile. Kwetu kumuulizia mtu mtoto ni wema.

#28 Dada_wa_Lyon

Mama, pole sana. Kwetu ni wema, huku mtu usiyemjua akitaja mtoto wako, kitu cha kwanza unachojiuliza ni amenifuatilia tangu lini. Mpaka ninaouona mimi ni huu: alichokiweka kama duka, yaani orodha ya kahawa, bei, tangazo kwamba wamefungua tawi, hicho kitaje. Alichokiweka kama mzazi, kiache hata kama kiko wazi kwa dunia nzima.

Na upande wa pili kuna "j'ai visité votre site et j'ai été impressionné". Hiyo haimgusi mtu, kwa sababu ungeweza kuituma kwa muuza viatu bila kubadilisha herufi. Ninapoisoma najua hukufungua tovuti. Mtu akiniambia "mna Kenya moja na Ethiopia mbili, zote zilizooshwa, Tanzania hamna", huyo ameangalia kweli. Dakika tatu za kazi zinaonekana.

#29 Kijiwe_Nongwa

Kwa barua 40 ni saa mbili za kuangalia orodha za kahawa. Binamu atakubali?

#30 Mzee_wa_Mnada

Ana magunia 12. Anahitaji wateja watatu au wanne, siyo 40. Achague kumi ambao orodha zao zina pengo, hao wengine awaache wapumzike.

#31 Lushois_243

Na majina. Usiandike "Madame" kwa kukisia. Dominique, Camille, Claude, hao wanaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Jean wa Kifaransa ni mwanamume, binamu aliyezoea Kiingereza atamwita mama. "Mademoiselle" usiiguse, serikali yao iliiondoa hata kwenye fomu mwaka 2012. Jina la mwenye duka liko chini ya tovuti, kwenye "mentions légales". Sheria inawalazimisha kumtaja anayewajibika na tovuti. Ukiwa na shaka ya jinsia andika "Bonjour" tu.

#32 Mkibosho_Halisi

Wakuu, nimekaa siku tatu na binamu na duka moja tulilolichagua. Hii hapa, ichaneni:

```
Objet : Caracoli lavé de Kibosho, 12 sacs à Anvers

Bonjour Madame [nom],
Votre carte propose un Kenya et deux Éthiopie, tous lavés,
mais rien de Tanzanie en ce moment.
Notre groupement a 12 sacs de 60 kg de caracoli lavé,
récolte 2024, chez un importateur d'Anvers qui vend au sac.
Souhaitez-vous recevoir 300 g de café vert pour l'essayer ?
J'ai trouvé votre nom dans les mentions légales. Si cela ne
vous concerne pas, un simple « non » suffit, je ne vous
écrirai plus.
Cordialement,
```

Nimesema orodha yake ina nini, tuna nini na kiko wapi, kama anataka gramu 300 za kahawa isiyokaangwa ajaribu, jina lake nimelitoa wapi, na kwamba akijibu "non" tu sitamwandikia tena. Zile dakika 30 za simu nimezitoa.

#33 Dada_wa_Lyon

Hii ningeichapisha nikaiweka mezani kwa bosi. Umefanya vizuri kutaja 2024, ungeificha angeiuliza kwanza. Na kumwomba mtu dakika 30 hali hajui hata ladha ya kahawa yako, ndiyo ilikuwa inanikera kuliko kuku. Sampuli anaipokea bila kukudai wala kudaiwa.

#34 Mnunuzi_Brussels

Mstari wa mwisho utoe. "Non suffit" ni kumfungulia mtu mlango atoke kabla hajaketi. Umempa jibu rahisi kuliko "ndiyo".

#35 Dada_wa_Lyon

Sikubali. Mimi nikiona mlango uko wazi ndipo napumua. Wanaonifanya nifute ni wale wanaorudi mara nne: "je me permets de vous relancer", yaani naomba nikukumbushe, halafu "avez-vous eu le temps", yaani umepata nafasi, halafu wanaweka "Re:" kwenye kichwa cha habari kana kwamba tuliwahi kuandikiana. Huyu amesema hatarudi nikikataa. Nitamwamini zaidi.

#36 Mtetezi_wa_Data

Hata bila hisia za Dada, njia ya kukataa ni lazima iwepo, tulishasema #15. Mnaweza kubishania maneno, siyo kuwepo kwake.

#37 Mnunuzi_Brussels

Basi iwe ndogo, chini ya sahihi. Na asijinyime haki ya kukumbusha mara moja. Barua moja inapotea kirahisi, hasa Septemba.

#38 Lushois_243

Mimi bado naona "Cordialement" peke yake ni kavu. Angalau "Bien cordialement". Na sahihi iwe kamili: jina, kikundi, Kibosho, namba ya simu. Mtu asiye na anwani anatisha.

#39 Fundi_Seva

Kikoa?

#40 Mkibosho_Halisi

Tumesajili jana. SPF na DKIM kijana wa Moshi mjini ametuwekea. Nimejitumia, é zote zimekaa.

#41 Mkibosho_Halisi

Mrejesho wakuu. Tulituma tisa tu, Jumanne na Alhamisi za katikati ya Septemba, kila moja na orodha yake. Mpaka leo wamejibu wanne. Wawili "non merci", kwa upole, mmoja akasema ana mkataba na muagizaji mwingine hadi Januari. Wa tatu ameomba gramu 300. Wa nne kauliza kama caracoli hiyo imepimwa unyevu lini, sikuwa najua, nimemuuliza mtu wa Antwerp.

#42 Mzee_wa_Mnada

Huyo wa unyevu ndiye mnunuzi. Mjibu leo, na namba utakayopewa usiizungushe. Ikiwa juu ya asilimia 12 mwambie hivyo hivyo.

#43 Mnunuzi_Brussels

Wanne kati ya tisa, lakini ni Septemba na siyo Agosti. Nasema bado ni wakati, siyo Kifaransa.

#44 Dada_wa_Lyon

Na wale 40 uliwaambia kontena, hawa tisa magunia. Nasema ni magunia.

#45 Fundi_Seva

Na zile zilikuwa kwenye taka.

#46 Lushois_243

Na hawakuitwa wachoma kuku.

#47 Kijiwe_Nongwa

Mleta mada, yule wa "nous ne faisons pas de poulet" ulimjibu?

#48 Mkibosho_Halisi

Nilimwomba radhi mistari miwili, nikamweleza tafsiri ilivyokwenda, sikumuuzia kitu. Jana kajibu. Anauliza hiyo kahawa ni ya wapi hasa.